Tofauti ya robo kapata, mediani kakosa: grafu ya binti yangu ina shida gani?

#1 Mama Zulfa, Leicester

Habari zenu wana jukwaa. Binti yangu yuko mwaka wa 11 huku Uingereza, anajiandaa na GCSE ya hisabati, ile karatasi ya ngazi ya juu. Jana karudi na zoezi lililosahihishwa na tumekaa nalo mezani hadi saa tano usiku bila kulielewa.

Swali linasema watu 80 waliulizwa wanatumia dakika ngapi kufika kazini. Jedwali ni hili:

Zaidi ya 0 hadi 10: watu 6
Zaidi ya 10 hadi 20: watu 14
Zaidi ya 20 hadi 30: watu 24
Zaidi ya 30 hadi 40: watu 20
Zaidi ya 40 hadi 50: watu 11
Zaidi ya 50 hadi 60: watu 5

Unatakiwa uchore grafu ya marudio limbikizi, usome mediani na robo zake, halafu uchore kisanduku na sharubu. Kajumlisha vizuri: 6, 20, 44, 64, 75, 80. Nimerudia kuhesabu mwenyewe, ziko sawa. Kutoka kwenye grafu kasoma mediani 23, robo ya chini 15, robo ya juu 33, na tofauti ya robo 18.

Mwalimu wake katia mkasi kwenye mediani na robo zote mbili, lakini 18 kaipa vema! Maelezo hakuna hata neno moja. Mtoto ananiuliza, "Mama, kama robo zangu zote mbili si sahihi, kuitoa moja kwenye nyingine inaletaje jibu sahihi?" Mimi niliishia kidato cha nne Tanga, na takwimu nazikumbuka nusunusu. Naombeni msaada.

#2 Mchundo

Mama Zulfa, kosa liko kwenye kanuni. Watoto wengi wanagawa 80 kwa 2 wanapata 40. Inatakiwa uongeze 1 kwanza: 81 gawa kwa 2, unapata 40.5. Robo ya chini ni mtu wa 20.25, robo ya juu ni wa 60.75. Mwambie asome hapo, majibu yatakaa sawa.

#3 Kijana wa Mbagala

Mbona rahisi, watu 80 nusu yake 40, kwa hiyo mediani ni 40. Au nimekosea wapi?

#4 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Mama Zulfa, kabla sijasema lolote naomba unijibu jambo moja. Itazame grafu yenyewe. Nukta ya kwanza, ile ya watu 6, binti kaiweka juu ya dakika ngapi?

#5 Mama Zulfa, Leicester

Shikamoo mwalimu. Kaiweka juu ya 5. Ya 20 iko juu ya 15, ya 44 iko juu ya 25, na kuendelea hivyo. Ya mwisho, ya 80, iko juu ya 55.

#6 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Marahaba mama. Basi kosa tumeshalipata, na ni moja tu. Hesabu zake nzuri, kusoma kwake kuzuri, na penseli yake nadhani nzuri pia. Nukta ndizo zimekaa pasipo pake.

Tuichukue ile 20. Namba hiyo inasema watu 20 walitumia dakika 20 au pungufu. Watu 6 wa kundi la kwanza wamo, na 14 wa kundi la pili wamo wote. Sasa ukiwa kwenye dakika ya 15, je, wale 14 wote umeshawapita? Hapana. Wengine walitumia dakika 17, wengine 19. Huwezi kusema umewahesabu wote mpaka ufike mwisho wa kundi lao, yaani dakika 20. Kwa hiyo nukta ya 20 inakaa juu ya dakika 20, ya 44 juu ya 30, ya 64 juu ya 40, ya 75 juu ya 50 na ya 80 juu ya 60. Na mkunjo unaanzia kwenye sifuri kabisa, kwa sababu hakuna aliyefika kazini kwa dakika sifuri.

Katikati ya kundi binti hajaitoa hewani. Bila shaka muda si mrefu walifundishwa poligoni ya marudio, na kule nukta kweli inakaa katikati ya kundi, kwa sababu inawakilisha watu wa kundi lile peke yao. Hii inabeba watu wote tangu mwanzo. Mimi nimesahihisha daftari za watoto miaka mingi na hili ndilo kosa lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu grafu inatoka nzuri, inapanda vizuri, haina kasoro ya kuonekana kwa macho.

Sasa swali la binti, ambalo ni swali zuri sana na ninampongeza kwa kuliuliza. Makundi yote yana upana wa dakika 10. Ukiweka kila nukta katikati badala ya mwisho, kila nukta imerudi nyuma dakika 5. Mkunjo mzima umesogea kushoto kwa dakika 5, bila kubadilika umbo. Robo ya chini ilikuwa iwe 20, yeye kapata 15. Mediani ilikuwa iwe kama 28, kapata 23. Robo ya juu ilikuwa iwe 38, kapata 33. Zote zimepungua kiasi kilekile, kwa hiyo 33 toa 15 inaleta 18, na 38 toa 20 inaleta 18 vilevile. Ni kama watu wawili waliosimama kwenye ngazi wakashuka hatua tano wote pamoja. Umbali kati yao haujabadilika.

Ila asije akadhani tofauti ya robo itamwokoa kila mara. Tuseme swali lingeunganisha makundi mawili, likaandika zaidi ya 30 hadi 50: watu 31. Katikati ya kundi hilo ni 40, kwa hiyo nukta yake ingerudi nyuma dakika 10 wakati zilizotangulia zimerudi 5. Robo ya juu halisi ingesomeka kama 40, yeye angepata kama 33. Robo ya chini ingebaki 20 kwa 15. Hapo tofauti ya robo ya kweli ni 20 na yake ni 18, na angekosa vyote vinne.

#7 Mama Zulfa, Leicester

Mwalimu, nimemsomea na kanyamaza kimya, halafu kafungua daftari lake. Ni kweli, poligoni ya marudio walifanya wiki iliyotangulia. Asante sana.

#8 Mchundo

Nakubali la nukta. Lakini ile ya 40.5 bado nasimama nayo. Nimefundishwa kuongeza 1 na hiyo ndiyo kanuni ya mediani.

#9 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Mchundo, hujakosea mahali pake. Ukiwa na orodha ya namba zenyewe, mathalani urefu wa watoto 7 waliopangwa kuanzia mfupi, unaongeza 1, unapata 8, nusu yake 4, na mtoto wa nne ndiye wa katikati. Ukigawa 7 kwa 2 unapata 3.5 na utachanganyikiwa.

Kwenye grafu hii watu wenyewe hatuwajui. Tunajua 24 kati yao wako mahali fulani kati ya dakika 20 na 30, basi. Mkunjo tumeuchora kwa kudhani wamesambaa humo taratibu. Tunachotafuta ni mahali panapokata kundi la watu 80 nusu kwa nusu, na mhimili wa wima unaanzia 0 unaishia 80, kwa hiyo nusu yake ni 40. Robo ni 20 na 60.

Na hata ukishikilia 40.5, angalia unapata nini. Kwenye kundi hilo watu 24 wanachukua dakika 10, kwa hiyo nusu ya mtu ni kama dakika 0.2. Mtoto akichora sentimita 2 kwa dakika 10, hiyo 0.2 ni chini ya nusu milimita, unene wa mstari wa penseli. Kwa kawaida msahihishaji anakuwa na kiasi anachoruhusu huku na huku, kwa sababu mikono ya watu haichori mkunjo sawa. Kwa hiyo 40.5 haitamnyima alama hapa, lakini pia haikuwa sababu ya 23.

Kijana wa Mbagala, sijakusahau. Ile 40 yako ni watu, si dakika. Tafuta 40 kwenye mhimili wa wima, tembea kwa rula ukiwa mlalo hadi uguse mkunjo, kisha shuka wima hadi chini. Unapotua ndipo kwenye jibu, na jibu lina dakika. Chora hiyo mistari kwa vidoti, usiishie kuitazama. Msahihishaji akiiona anajua umesoma wapi, hata kama jibu limeteleza.

#10 Kijana wa Mbagala

Nimeelewa mwalimu. Nilikuwa nachukua ile namba ya watu naiandika kama jibu. Sasa najua kwa nini kwenye mtihani wa mock mediani yangu ilikuwa kubwa kuliko namba zote za kwenye jedwali.

#11 Nyota ya Nakuru

Hujambo mwalimu. Nimefuata mazungumzo lakini ya kwetu ni tofauti kidogo. Mimi ni mtahiniwa wa KCSE, sisi tunaita ojivu. Jedwali letu huandikwa 10–19, 20–29, 30–39, alama za wanafunzi. Nikiweka nukta kwenye mwisho wa kundi, je, ni 19 au ni 20? Rafiki yangu anaweka 19 na mimi naweka 20, na majibu yetu yanapishana kwa alama moja nzima.

#12 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Wote wawili mko karibu na hakuna aliyefika. Kati ya 19 na 20 kuna uwazi, na mkunjo hauwezi kuruka uwazi. Alama zimeandikwa kwa namba nzima, kwa hiyo mpaka kati ya makundi hayo mawili uko 19.5. Nukta inakaa hapo. Inayofuata 29.5, kisha 39.5. Na mkunjo unaanzia 9.5 kwenye urefu wa sifuri, usiuanzishe kwenye pembe ya grafu.

Jedwali la Mama Zulfa halina shida hiyo kwa sababu limeandikwa "zaidi ya 10 hadi 20". Kundi moja linapoishia ndipo jingine linapoanzia.

#13 Bi Mkubwa wa Kisauni

Mwalimu samahani, na umri je? Mimi nafanya kazi ya kuandikisha wagonjwa na tunaandika 10–19, 20–29. Mtu mwenye miaka 19 na miezi 11 bado tunamwandika 19. Huyo kwa 19.5 atakuwa amerukwa.

#14 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Bi Mkubwa umegusa penyewe. Umri hatuukadirii kwa namba iliyo karibu, tunahesabu miaka iliyotimia. Kundi la 10–19 linaishi hadi siku ya kutimiza 20, kwa hiyo mpaka wake wa kweli ni 20.

#15 Nyota ya Nakuru

Lakini mwalimu wetu darasani hutumia 19.5 hata kwa umri, na majibu ya nyuma ya kitabu chetu ni hayohayo. Nikiweka 20 nitapewa alama?

#16 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Hilo siwezi kukuhakikishia, mwanangu. Kihesabu 20 ndiyo sahihi kwa umri, na ningekuwa mimi msahihishaji ningeipokea. Muulize mwalimu wako kabla ya mtihani, na ukitumia 20 andika sentensi moja kwamba umri umehesabiwa kwa miaka iliyotimia.

#17 Mama Zulfa, Leicester

Turudi kwetu kidogo. Kachora upya. Nukta ziko mwisho wa makundi, kasoma 20, 28 na 38. Sasa kaingia kwenye kisanduku. Kakichora kutoka 20 hadi 38, mstari ndani kwenye 28, sharubu ya kushoto kaipeleka hadi 0 na ya kulia hadi 60. Ni sawa?

#18 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Kisanduku sawa. Sharubu bado. Grafu haimjui mtu wa kwanza wala wa mwisho. Inajua tu kwamba wa kwanza yuko kati ya 0 na 10, na wa mwisho kati ya 50 na 60. Soma swali tena polepole, mara nyingi kuna sentensi inayotaja muda mfupi kabisa na mrefu kabisa.

#19 Mama Zulfa, Leicester

Ipo! Chini ya jedwali: muda mfupi kuliko wote ulikuwa dakika 4 na mrefu kuliko wote dakika 57. Tulidhani ni maneno ya kupamba.

#20 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Basi sharubu zinaanzia 4 na kuishia 57. Na tazama jambo jingine: grafu yake ya kwanza ilifika 80 juu ya dakika 55. Yaani ilikuwa inasema watu wote 80 wamefika kazini ndani ya dakika 55, wakati swali linasema yupo aliyetumia 57. Grafu ile ilikuwa inajikana yenyewe. Afanye huo uwe ukaguzi wake: akimaliza kuchora, aangalie mkunjo unafikia kilele juu ya dakika ngapi. Usipofikia mwisho wa kundi la mwisho, nukta zimekaa vibaya.

#21 Dereva wa Bodaboda

Mimi nimepita tu lakini hicho kisanduku kinanivutia. Naona sharubu ya kulia, 38 hadi 57, ndiyo ndefu kuliko vipande vyote. Maana yake watu wengi wanachelewa kazini, au siyo? Kwa abiria wangu ndivyo ilivyo, wengi wanakaa foleni.

#22 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Kaka, wengi wanasoma hivyo, ila kisanduku kinasema kinyume. Vipande viko vinne: 4 hadi 20, 20 hadi 28, 28 hadi 38, na 38 hadi 57. Kila kipande kina watu 20, robo ya watu 80. Hakuna kipande chenye watu wengi kuliko kingine. Kipande kirefu kina watu walewale 20 waliotawanyika, na kifupi kina 20 waliobanana. Waliobanana zaidi ni wa kati ya 20 na 28, watu 20 ndani ya dakika 8. Ukirudi kwenye mkunjo, hapohapo ndipo unapopanda kwa mwinuko mkali zaidi. Mwinuko wa mkunjo na ufinyu wa kipande ni habari moja iliyochorwa mara mbili.

#23 Mchambuzi, Muscat

Mimi kazi yangu ni takwimu, na kompyuta yangu haichori sharubu hivyo. Sharubu inaishia kwenye thamani ya mwisho iliyo ndani ya mara 1.5 ya tofauti ya robo, na aliye nje anawekwa nukta peke yake. Kanuni hiyo ya 1.5 ni ya mwanatakwimu John Tukey. Binti asifundishwe kuvuta sharubu hadi mwisho bila kukagua.

#24 Mwalimu Mstaafu, Morogoro

Kwa kazi yako uko sahihi. Tujaribu hapa: 18 mara 1.5 ni 27. Kutoka 38 kwenda juu unafika 65, na kutoka 20 kwenda chini unafika chini ya sifuri. 4 na 57 zote ziko ndani, kwa hiyo michoro yetu miwili inafanana. Kwenye swali la ngazi yake, asipoambiwa atafute walio nje ya kawaida, sharubu zinafika mdogo kabisa na mkubwa kabisa.

#25 Mchambuzi, Muscat

Hapo sawa. Ila sipendi watoto wafundishwe njia moja halafu wakifika chuo waambiwe nyingine.

#26 Mama Zulfa, Leicester

Limebaki moja. Swali la mwisho: ni watu wangapi walitumia zaidi ya dakika 45? Kapanda wima kutoka 45, kagusa mkunjo, kaenda kushoto akasoma 70. Kaandika 70. Nimemwambia 70 naona nyingi mno, kwa sababu ukijumlisha makundi mawili ya mwisho ni watu 16 tu.

#27 Nyota ya Nakuru

Mama umeona vizuri. 70 ni waliotumia dakika 45 au pungufu. Atoe kwenye 80.

#28 Mama Zulfa, Leicester

Kumi. Kaandika kumi, sasa anafuta sharubu ya kulia aishushe kutoka 60 hadi 57.